Naomba mnisahihishie tangazo la siku ya kupanda miti kabla sijalibandika ubaoni

#1 Mwalimu Mlezi

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mlezi wa klabu ya mazingira katika sekondari moja ya kutwa wilayani Chamwino, Dodoma. Mwaka huu tulipanda miche 200 siku ya 1 Aprili, kwa shangwe na picha nyingi, na nilipoihesabu mwezi Septemba nilikuta 31 tu ndiyo hai. Mwakani sitaki kurudia kosa ambalo hata silijui. Rasimu ya tangazo niliyoirithi kwa mlezi aliyenitangulia, ambayo nimebadilisha tarehe tu, ni hii hapa:

*Klabu ya Mazingira inawatangazia wanafunzi wote kwamba siku ya kupanda miti itakuwa Jumatano, 1 Aprili, kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 8:00 mchana. Miche 200 ya mwarobaini na mjohoro itapandwa kuzunguka uwanja na nyuma ya madarasa. Kila mwanafunzi aje na jembe, panga na lita 5 za maji. Wavulana watachimba mashimo na wasichana watamwagilia. Mahudhurio ni ya lazima. Wote wawe waangalifu wasiumie.*

Naomba mseme bila kunionea aibu: tatizo liko kwenye tangazo, kwenye miche au kwetu sisi?

#2 Bwanashamba Mstaafu

Mwalimu, tatizo la kwanza liko kwenye mstari wako wa kwanza. Tarehe 1 Aprili ndiyo siku ya kitaifa tuliyoizoea, na kwa mikoa ambayo masika yanaanza Machi ni siku nzuri kabisa. Dodoma haina masika ya namna hiyo. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza Desemba na kwisha Aprili, kwa hiyo mche uliopandwa 1 Aprili unapata wiki mbili au tatu za unyevu, kisha unaachwa peke yake kwa miezi saba ya jua na upepo kabla haujapata mzizi wa kufika chini.

Panda katikati ya Januari, shule ikishafunguliwa. Hata hivyo usiitegemee kalenda peke yake. Siku mbili kabla, chimba kidogo mahali palipo wazi, uingize mkono hadi kwenye kiwiko, uchukue udongo wa chini na kuufinya. Ukishikamana bila kutoa vumbi, ardhi iko tayari. Ukimwagika kama unga, ahirisha wiki moja, hata kama mgeni rasmi amekwisha alikwa.

#3 Kitalu cha Nyuma ya Stendi

Namheshimu mzee wa #2, lakini tarehe haiwezi kuua miche 169 kati ya 200. Mimi nauza miche, na ninachokiona kila mwaka ni kwamba shule zinanunua miche iliyozidi umri kwa sababu inaonekana mirefu na inapendeza kwenye picha. Mche uliokaa muda mrefu kwenye kiriba cha plastiki, mzizi wake mkuu hufika chini, hukosa njia, hujikunja na kuanza kuzunguka kama kamba ndani ya ndoo. Ukiupanda hivyo unaendelea kuzunguka humo humo na hauendi chini kutafuta maji.

Vilevile nina uhakika kwamba wanafunzi wako walipanda baadhi ya miche pamoja na kiriba chake. Nenda ukang'oe iliyokufa, uniletee majibu.

#4 Mchungaji wa Mbuzi Kumi

Mnazungusha maneno bure. Jibu ni mbuzi. Uwanja wa shule hauna uzio, mavuno yakishaisha mifugo yote ya kijiji inapita hapo, na Septemba hakuna jani bichi jingine mahali popote. Mjohoro waliumaliza mbuzi. Mwarobaini ni mchungu, kwa hiyo mbuzi hawaupendi, na nina hakika kwamba ile 31 iliyobaki yote ni miarobaini.

#5 Mwalimu Mlezi

Asanteni. Ndugu wa #4, kati ya 31 iliyobaki 22 ni miarobaini na 9 ni mijohoro, kwa hiyo umepatia nusu tu. Nitang'oa iliyokufa Jumamosi hii kama alivyoagiza ndugu wa kitalu.

#6 Mama wa Kidato cha 2

Nimesoma tangazo lako kama mzazi, si kama mtaalamu wa miti, na kinachonitisha ni maneno mawili: "jembe, panga". Unataka watoto mia kadhaa waje shuleni asubuhi moja, kila mmoja na panga mkononi, wengine wakiwa wamepakizwa nyuma ya bodaboda, ili wafanye kazi gani nalo? Shimo la mche halichimbwi kwa panga.

Nina sababu ya kuuliza. Mwanangu wa kwanza, katika shule nyingine, alikatwa kidole cha mguu na jembe la mwenzake siku kama hiyo. Walikuwa wamesimama bega kwa bega wakichimba mstari mmoja, yeye amevaa kandambili, na mwenzake alipoinua jembe liliteleza kutoka kwenye mpini. Hakukuwa na sanduku la huduma ya kwanza, kwa hiyo walimfunga kidonda kwa kitambaa cha kufutia ubao. Kidonda kile kiliingia udongo na samadi, na tulihangaika kutafuta chanjo ya pepopunda hadi jioni.

Halafu kuandika kwamba wavulana wachimbe na wasichana wamwagilie hakuna maana. Kubeba ndoo ya lita 20 kutoka bombani hadi uwanjani ni kazi nzito kuliko kuchimba shimo moja.

#7 Tajiri Mtarajiwa

Samahani wakuu, mimi nina ekari mbili Kongwa. Huu mjohoro ukipandwa leo, nguzo zake naanza kuuza baada ya miaka mingapi, na bei ya shambani ikoje?

#8 Mchungaji wa Mbuzi Kumi

Ndugu wa #7, watu wanazungumzia tangazo la watoto wa shule, wewe umekwisha fika sokoni. Fungua uzi wako, nitakuja huko na mbuzi wangu.

#9 Fundi Bomba

Ninaomba tuipige hesabu ya maji, maana wote mmeiruka. Mche mmoja, siku ya kupanda, unahitaji lita 10 ili udongo ulioachwa na nafasi za hewa ushuke na kushikana na mizizi. Mvua ikishakata, lita 10 kwa wiki kwa mche mmoja ni kiasi cha kuupitisha kiangazi, nazo zimwagwe kwa mara moja ili zizame. Kikombe kimoja kila siku kinalowesha juu tu, na mizizi hufuata maji yalipo, kwa hiyo itabaki juu ikingoja kuungua.

Sasa miche 200 kwa lita 10 ni lita 2,000 kwa wiki, yaani ndoo 100 za lita 20. Kuanzia Mei hadi Novemba ni wiki 30 hivi. Mwalimu, mwaka huu nani alibeba ndoo 100 kila wiki kwa wiki 30, na mwezi Juni shule ilipofungwa nani alikuwa na ufunguo wa bomba?

#10 Mwalimu Mlezi

Fundi, umenishika pabaya. Tulimwagilia vizuri Aprili na Mei. Juni shule ilifungwa, bomba likafungwa pia. Julai tuliporudi tulimwagilia iliyokuwa inaonekana hai, bila ratiba.

#11 Fundi Bomba

Basi punguza miche. Panda 60. Lita 600 kwa wiki ni ndoo 30, na hizo zinabebeka. Ninajua halmashauri zina agizo la kupanda miti milioni 1.5 kila moja kwa mwaka, kwa hiyo kila shule inasukumwa kuandika tarakimu kubwa kwenye taarifa, lakini taarifa hiyo inaandikwa Aprili na hakuna anayerudi kuhesabu Septemba isipokuwa mlezi mwenyewe.

#12 Kijana wa Makueni

Hamjambo jirani zangu. Huku kwetu Kenya serikali ilitangaza 13 Novemba 2023 kuwa siku ya mapumziko ili watu wapande miti, na sisi wa ukanda mkavu tulifurahi kwa sababu Novemba ndiyo mwezi wetu wa mvua tunaouamini zaidi. Ushauri wangu ni kwamba mwalimu asingoje Januari, apande Novemba hii hii.

#13 Bwanashamba Mstaafu

Kijana, Novemba ya Makueni si Novemba ya Chamwino. Kwenu mvua za vuli zinakuwa zimekwisha kolea, ilhali kwetu inaweza kunyesha siku moja, watu wakashangilia, kisha jua likawaka wiki tatu. Mche unaopandwa kwa mvua ya kwanza hapa unapandwa kwa udanganyifu. Hata Februari tunapata kipindi cha ukame katikati ya msimu, ndiyo maana nataka mche uingie ardhini katikati ya Januari, uwe umeshika kabla ya hapo.

Novemba ifanye kazi nyingine, nayo ni kuchimba mashimo. Tangazo lako halisemi neno hata moja kuhusu mashimo, kana kwamba yatachimbwa siku hiyo hiyo na mtoto mwenye lita 5 za maji kichwani. Shimo la mwarobaini liwe na upana wa sentimita 45 na kina cha sentimita 45. Udongo wa juu, ule mweusi kidogo, uwekwe upande mmoja wa shimo, na ule mwekundu wa chini uwekwe upande mwingine, kwa sababu wakati wa kurudishia wa juu ndio unaotangulia kuzunguka mizizi, ukiwa umechanganywa na nusu debe la samadi iliyooza. Iliyooza maana yake ni kwamba ukiinusa hainuki na ukiishika haina joto. Mbichi inaunguza mizizi.

#14 Mwalimu Mlezi

Shikamoo mzee. Lakini Novemba ardhi yetu ni ngumu kama sakafu. Jembe linaruka.

#15 Bwanashamba Mstaafu

Marahaba. Jioni ya siku iliyotangulia, mahali pa kila shimo pakwanguliwe kisahani, pamwagiwe nusu ndoo ya maji, kisha pafunikwe nyasi. Asubuhi sururu itaingia. Anayetumia sururu asielekee mwenzake, kwa sababu vipande vya udongo mkavu vinaruka hadi machoni. Kikundi cha watoto watano kisidai kuchimba zaidi ya mashimo matatu kwa asubuhi moja.

#16 Mlinzi wa Zamu ya Usiku

Naomba niongeze jambo moja ambalo wapanda miti hulisahau. Mashimo 60 yakichimbwa Novemba na miche ikaja Januari, katikati kuna likizo nzima ya Desemba ambapo mashimo yako wazi. Mimi nililinda shule moja ya namna hiyo. Usiku nikifanya mzunguko nilikanyaga shimo lililokuwa limeota nyasi pembeni, nikateguka kifundo cha mguu, na wiki hiyo hiyo ndama wa jirani alitumbukia. Tafadhali msiyaache wazi.

#17 Bwanashamba Mstaafu

Ni kweli, na dawa yake inasaidia mti pia. Rudishia udongo wa juu na samadi hadi shimo libaki na kina cha kiganja kimoja, kisha weka matawi ya miiba juu. Mvua za Desemba zitaingia humo na kukaa. Januari unafungua tundu linalotosha kiriba, unapanda.

#18 Mwalimu Mlezi

Nimerudi na majibu ya Jumamosi. Pamoja na wanafunzi wanane nimeng'oa miche 20 iliyokufa ambayo shina lake bado limesimama. Minane ilikuwa na kiriba chake kizima. Ukivuta shina, kinatoka chote na udongo wake ukiwa mkavu kama tofali dogo, na mizizi imezunguka ndani. Saba ilikuwa imetafunwa na mchwa pale shina linapokutana na ardhi, gome limekwisha pande zote na mahali pake pamejazwa udongo. Mitano haikuwa na dalili yoyote niliyoweza kuitambua. Ile ambayo shina lake halionekani kabisa sina la kusema, labda ndugu wa mbuzi ana taarifa.

#19 Kitalu cha Nyuma ya Stendi

Nilisema. Viriba vinane kati ya 20.

#20 Mchungaji wa Mbuzi Kumi

Na mimi nadai yote isiyoonekana.

#21 Mpenda Miti ya Asili

Kama viriba vinane vimekutwa ardhini, klabu hiyo imevunja sheria, kwa sababu plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019. Mnunue miche iliyooteshwa kwenye makopo ya karatasi au magome ya migomba. Pia sielewi kwa nini kila shule Dodoma ni mwarobaini na mjohoro tu, wakati migunga imekuwa hapa kabla yetu sote na haihitaji ndoo 30.

#22 Kitalu cha Nyuma ya Stendi

Mkuu, kilichopigwa marufuku tarehe hiyo ni mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Vifungashio vya kilimo havikuguswa, na viriba vya miche vimo humo. Hata hivyo nakuunga mkono kwamba vikusanywe vyote. Mnunuzi akinirudishia hesabu kamili ya viriba, mimi najua hakuna hata kimoja kilichozikwa. Kuhusu mgunga, mwalimu apande kumi pembezoni, si kwenye kivuli cha kusomea, maana miiba yake itawapata watoto wale wale wa kandambili.

#23 Bwanashamba Mstaafu

Ndugu wa kitalu asishangilie mapema. Wapandaji wa zamani walikuwa wakikata kitako cha kiriba tu na kuchana pembeni, kisha wanapanda na plastiki yake, na miti ilikua. Kwa hiyo kiriba peke yake si lazima kiwe ndicho kilichoua. Kuna uwezekano kwamba kilifungia mizizi, na kuna uwezekano kwamba mche ungekufa kwa kiu ya Juni hata ungevuliwa.

Na mchwa pia wanahitaji kuhojiwa. Mchwa hupenda mti uliodhoofika na hupenda zaidi uliokwisha kufa. Mwalimu ameyaona meno yao mwezi Novemba, lakini hajui kama walikuja kuua au walikuja mazishini.

#24 Mama Mkulima wa Mvumi

Mimi nasema walikuja kuua. Nimepanda miembe mitano nyumbani, mmoja ulikuwa na majani mabichi Jumatatu, Alhamisi ulikuwa umenyauka, nilipokwangua chini nikawakuta hai wakiendelea na kazi. Chanzo kilikuwa matandazo ya mabua makavu niliyoweka kufuata ushauri wa semina. Nilipoyaondoa na kuzungushia majivu, minne iliyobaki ilipona. Kwa hiyo usiwaambie watoto walete nyasi kavu.

#25 Fundi Bomba

Mama, bila matandazo zile lita 10 zangu zinakauka kwa siku tatu. Mimi nimeona kinyume chake: mchwa wakikuta mabua makavu ya kutosha hula mabua na kuuacha mti mbichi. Ukiyaondoa unawaachia mti peke yake. Weka matandazo, ila yasiguse shina, yaache nafasi ya kiganja kuzunguka. Majivu nayo mvua ikinyesha yanakwenda.

#26 Mama Mkulima wa Mvumi

Wangu walikula vyote viwili, wakaanza na mwembe.

#27 Mwalimu Mlezi

Wakati mnabishana mchwa, naomba turudi kwenye majukumu na usalama. Nimefikiria vikundi 12 vya wanafunzi watano, jumla 60, kila kikundi mashimo matano na miche yake mitano. Wasiokuwa kwenye klabu wasilazimishwe. Je, kila kikundi kigawane kazi namna gani?

#28 Mama wa Kidato cha 2

Hapo sasa nakuelewa. Wawili wachimbe kwa kupokezana, mmoja akichimba mwingine akae nyuma umbali wa mita tatu, na vikundi viachane vya kutosha. Mmoja ashike mche, mmoja ashughulike na ndoo, mmoja awe na daftari la namba ya shimo, aina ya mti na jina la anayeutunza. Wabadilishane katika kila shimo, wavulana kwa wasichana.

Majembe yasitoke nyumbani. Yale ya shule yakaguliwe siku moja kabla: mtu anashika mpini jembe likiwa juu, anagonga kitako cha mpini chini, na likicheza halitumiki hadi lipigwe kabari. Yahesabiwe yakitoka stoo na yakirudi. Viatu vya kufunika vidole ni sharti, na asiye navyo apewe daftari.

#29 Kitalu cha Nyuma ya Stendi

Usisahau wembe. Watoto wakiambiwa kuchana viriba, kila mmoja huja na wembe wake mfukoni, na mwisho wa siku nusu ya nyembe hizo ziko kwenye nyasi. Wachane watu wawili tu, wewe na mwalimu mwenzako, mkipita shimo kwa shimo. Mche unamwagiwa maji usiku uliotangulia ili udongo ushikane. Ukifika shimoni unaulaza kiganjani, unachana upande mmoja kutoka juu hadi chini, unakata sentimita moja ya kitako pamoja na mizizi iliyojikunja, kisha unavua plastiki kama unavyovua soksi. Usiushike shina ukiuvuta. Nyembe zihesabiwe, zirudishwe kwenye kopo lenye mfuniko. Kiriba kinakwenda kwa mwenye daftari, na kikundi ambacho hakina viriba vitano hakijamaliza kazi.

#30 Bwanashamba Mstaafu

Sawa kabisa. Udongo wa kiriba uwe sawa na udongo wa shimo, shina lisizikwe. Wakanyage kwa unyayo, si kwa kisigino. Kuzunguka mche waache kisahani cha kushika maji ya mvua, upana wa mita moja, na ukingo wake uwe upande wa chini wa mteremko.

Kuhusu mahali, ulisema nyuma ya madarasa. Mwarobaini mkubwa unapita paa, kwa hiyo acha mita tano kutoka ukutani, kaa mbali na karo la choo na bomba, na usipande hata mmoja chini ya nyaya za umeme, kwa sababu miaka kumi ijayo mtu atatumwa kuukata akiwa juu ya ngazi.

#31 Mwalimu Mlezi

Nimeandika upya. Nasubiri maoni hadi Ijumaa, kisha nalipeleka tangazo lenyewe kwa mkuu wa shule.

*Klabu ya Mazingira inawatangazia wanachama wake kuwa mashimo 60 yatachimbwa Jumamosi mbili za mwisho za Novemba, na miche itapandwa Jumamosi, 17 Januari, kuanzia saa 1:00 hadi saa 5:00 asubuhi. Udongo ukiwa mkavu siku ya Alhamisi, tutaahirisha kwa wiki moja na tangazo litabandikwa hapa hapa.*

*Kutakuwa na vikundi 12 vya watu watano, na kila kikundi kitatunza miche yake mitano hadi Novemba ijayo kwa ndoo mbili na nusu za maji kila wiki. Katika kikundi wawili watachimba kwa kupokezana, mmoja atashika mche, mmoja atashughulikia maji, na mmoja ataandika daftari na kukusanya viriba. Kazi zitabadilishwa katika kila shimo.*

*Shule itatoa majembe 12, sururu 4, ndoo 12 na samadi. Mwanafunzi alete kofia au kitambaa cha kichwa, chupa ya maji ya kunywa na viatu vinavyofunika vidole. Panga, wembe na jembe visiletwe kutoka nyumbani. Viriba vitachanwa na walimu wawili pekee.*

*Anayechimba akae mita tatu kutoka kwa mwenzake, na hakuna kupita nyuma ya mwenye sururu. Usiingize mkono kwenye nyasi au chini ya jiwe kabla ya kupagusa kwa fimbo, kwa sababu ya nge na nyoka. Kidonda chochote, hata kidogo, kioshwe kwa maji na sabuni na kiripotiwe kwa mwalimu mwenye sanduku la huduma ya kwanza chini ya mwembe wa ofisi. Mwenye pumu, kifafa au selimundu amwambie mlezi mapema, naye atapewa kazi ya kivulini. Wote watanawa kwa sabuni kabla ya kula.*

#32 Mama wa Kidato cha 2

Hilo nalisaini. Ongeza tu kwamba mzazi apewe nakala, maana ni siku ya Jumamosi.

#33 Fundi Bomba

Juni haimo.

#34 Mwalimu Mlezi

Nimezungumza na mlinzi wetu na wanafunzi sita wanaoishi karibu. Mkuu wa shule bado hajakubali ufunguo wa bomba ukae kwa mlinzi wakati wa likizo, kwa sababu ya bili. Nitaendelea kumwomba.

#35 Mchungaji wa Mbuzi Kumi

Na uzio? Mwarobaini wako usiopendwa na mbuzi unaweza kuvunjwa na ng'ombe anayejikuna tu.

#36 Mwalimu Mlezi

Kila kikundi kitazungushia miche yake matawi ya miiba, yakikatwa na fundi wa shule. Ng'ombe wa kujikuna sijamwekea mpango. Kuhusu mchwa nimeamua kutomwamini mtu: miche 30 itawekwa matandazo yasiyogusa shina kama anavyotaka fundi, na 30 haitawekwa, itazungushiwa majivu kama anavyotaka mama wa Mvumi. Septemba nitakuja na hesabu hapa.

#37 Mama Mkulima wa Mvumi

Nimekubali. Kuna kichuguu hapo shuleni?

#38 Mwalimu Mlezi

Kipo kimoja kikubwa, pembeni ya goli la mashariki.

#39 Bwanashamba Mstaafu

Na upande huo wa mashariki umepanga kuweka miche ipi?

#40 Mwalimu Mlezi

Ya matandazo.

#41 Fundi Bomba

Mwalimu, changanya. Mmoja matandazo, mmoja majivu, mmoja matandazo, mstari mzima, la sivyo Septemba mama atanishinda kwa sababu ya kichuguu.